Saa ya 40 yanizidi mkono, ya 42 yanikaa. Nipime nini kabla sijanunua nyingine?

BinKuze · Jumatatu, saa 3 usiku

Salaam aleikum nyote. Kakangu afunga nikaha Ijumaa ya wiki ijayo na mimi ndiye nitakayekaa ubavuni mwake, kwa hivyo nilijinunulia saa mapema: uso mweupe, mkanda wa ngozi, kipenyo milimita 40. Mkono wangu mwembamba. Tepu ya fundi anayenishonea kanzu yasoma sentimita 15.5, na nilikuwa nimesoma kwamba 40 ni saizi ya katikati isiyomtupa mtu. Ilipofika nikaivaa, na mamangu akaniuliza nimeazima ya nani. Zile pembe zinazoshika mkanda zachomoza pande zote mbili, na mkanda washuka wima kama pazia badala ya kuulalia mkono.

Kilichonichanganya ni hiki. Jana baada ya alasiri nilijaribu saa ya ami yangu, Seiko ya wapiga mbizi, SKX007. Hiyo ni 42.5, kubwa kuliko yangu, na ilinikaa kana kwamba nilipimiwa. Vipi saa iliyo kubwa inikae na iliyo ndogo inizidi? Sitaki kukosea mara ya pili. Nilichobakiwa nacho ni pesa ya saa moja tu.

MtuWaTudor · Jumatatu, saa 3:25 usiku

Ndugu, 15.5 ni mkono mdogo. Mkono mdogo wataka 36 hadi 38, usivuke hapo. Mimi nina 16 na navaa 37, hakuna aliyewahi kuniuliza ni ya nani. Hiyo Seiko ya ami wako wadhani yakukaa kwa sababu wampenda ami wako.

WaMtongwe · Jumatatu, saa 3:40 usiku

Peleka kwa fundi yeyote pale Barabara ya Digo akutoboe tundu mbili zaidi kwenye mkanda. Kama ni cheni, akupunguzie vipande. Dakika tano umemaliza. Hakuna haja ya kununua nyingine.

BinKuze · Jumatatu, saa 3:48 usiku

Shukran WaMtongwe, lakini mkanda wanibana sawasawa, tundu la tatu. Saa haizunguki mkononi. Tatizo ni bodi yenyewe.

FundiBondeni · Jumatatu, saa 4:30 usiku

Waaleikum salaam mwanangu. Hujakosea macho yako. Ulichokosea ni namba uliyoisoma.

Vaa saa yako uitazame. Kipenyo kile wanachokiandika hupimwa kutoka ubavu wa saa tatu hadi ubavu wa saa tisa, bila kitufe cha kutia majira. Sasa angalia mstari huo waelekea wapi mkononi mwako. Waenda na mkono, kutoka kiganja kuelekea kiwiko. Upande huo una nafasi tele, hata mtoto ana nafasi ya milimita 42 hapo. Mstari unaoukata mkono, kutoka upande wa kidole gumba hadi upande wa kidole cha mwisho, ni ule wa saa kumi na mbili hadi saa sita. Na huo hauishii kwenye bodi, waishia kwenye ncha za pembe. Huko ndiko nafasi ilikofinyika. Kwa hivyo saa inakuzidi au haikuzidi kwa urefu wake wa ncha hadi ncha, na urefu huo wauzaji wengi hawauandiki.

SKX007 ni 42.5 kwa kipenyo, lakini ncha hadi ncha ni karibu 46 tu. Pembe zake fupi na zimeinama. Nashuku sana kwamba hiyo yako nyeupe ina pembe ndefu zilizonyooka. Chukua rula uipime, uniambie.

Kisha pima mkono, na tepu uiache kando. Lalisha mkono mezani kiganja chini, mahali saa inapokaa, yaani nyuma kidogo ya kile kifupa kinachochomoza, upande wa kiwiko. Usipime juu ya kifupa chenyewe, utapata upana ambao saa haiutumii. Simamisha vitabu viwili vigumu pande mbili za mkono viguse ngozi bila kukandamiza, chomoa mkono, upime nafasi iliyobaki kati ya vitabu. Huo ndio upana wote. Halafu lalisha rula ukikata mkono juu, tazama kwa ubavuni, utie alama ya kalamu pale ngozi inapoanza kuiacha rula upande huu na upande ule. Kati ya alama hizo ndipo patambarare pako.

Saa ikiwa fupi kuliko patambarare, itakulalia. Ikipita upana wote, hakuna mkanda wala tundu litakaloiokoa. Katikati ya namba hizo mbili ndipo pembe zenyewe zinapoamua, kama zimenyooka au zimeinama.

BinKuze · Jumanne, saa 1 asubuhi

Mzee wangu, nimepima mara tatu kwa vitabu vya hesabu vya dadangu. Upana wote 52. Patambarare 45. Saa nyeupe, ncha hadi ncha, 50.5! Ya ami nimempigia akaipima mwenyewe kwa rula, akasema 46.

Sasa nimeelewa. Nilikuwa nalinganisha 40 na 42.5, kumbe nilipaswa kulinganisha 50.5 na 46.

Ila kuna jambo jingine. Binamu yangu, tumepimwa kanzu siku moja na kwa fundi mmoja, na tepu yake nayo ni 15.5 kamili. Nimempa saa nyeupe aijaribu asubuhi hii. Imemkaa vizuri tu. Vitabu vyasema upana wake ni 57.

FundiBondeni · Jumanne, saa 2:15 asubuhi

Umejipa somo ambalo watu wengi wanakuja mezani kwangu bila kuwa nalo. Mkono wako wa duara, wa binamu yako umebapa. Kama mkono ungekuwa duara kamili kama bomba, 155 kugawanya kwa 3.14 ni milimita 49. Huo ndio upana mdogo kabisa ambao tepu ya 15.5 inaweza kuwa nao. Ukiubonyeza huo huo mkono ukabapa kidogo, 57 kwa 41, mzunguko haubadiliki, bado ni 155. Tepu moja, lakini milimita nane za tofauti.

Ndiyo maana sipendi swali la "mkono wa 16 wavaa ngapi". Ndugu yangu wa Tudor hapo juu huenda ana mkono uliobapa, au huenda hana. Tepu haiwezi kutuambia.

Sasa fanya jambo jingine. Weka saa nyeupe mezani uso juu, mkanda ukiwa umetolewa au umekunjwa usiinue. Tazama ncha za pembe. Zagusa meza au zaning'inia?

BinKuze · Jumanne, saa 2:40 asubuhi

Zaning'inia. Mfuniko wa nyuma umetokeza, saa yote imesimama juu ya mfuniko. Sarafu ya shilingi kumi yapita chini ya ncha bila kugusa.

FundiBondeni · Jumanne, saa 3 asubuhi

Basi zikining'inia mezani zitaning'inia na mkononi, na mkononi ni zaidi kwa sababu mkono nao unateremka. Ndiyo ile pazia uliyoisema. Mkanda waanza angani, unashuka wima kwanza ndipo ukutane na ngozi. Kwa mkono wa duara kama wako, tafuta pembe ambazo ncha zake zafika usawa wa mfuniko au kushinda hapo. Saa ya namna hiyo yaweza kukuvusha milimita moja au mbili juu ya patambarare bila mtu kuona. Hiyo 46 ya ami wako imepita 45 yako, na bado yakukaa.

MtuWaTudor · Jumanne, saa 6 mchana

Nakubali kuhusu upana, nimejipima kwa vitabu nikapata 58, kwa hivyo kweli mimi nimebapa. Lakini bado nasema 36 hadi 38 ni salama. Saa ikiwa na kipenyo kidogo, pembe nazo zitakuwa fupi. Ni hesabu ya kawaida tu.

FundiBondeni · Jumanne, saa 7:20 mchana

Mara nyingi huwa hivyo, lakini mtu hanunui "mara nyingi", hununua saa moja. Nomos Tangente ya 38 kipenyo chake hakifiki hata 38, ila pembe zake ni nyembamba, ndefu na zimenyooka, na ncha hadi ncha inakaribia 48. Hiyo ni ndefu kuliko SKX ya 42.5. Mwenye mkono wa BinKuze akifuata kanuni yako atainunua kwa moyo mkunjufu, na zitachomoza.

Kwa upande mwingine kuna Seiko wanayoiita Kobe. Kipenyo ni 45 hivi, pipa la saa, lakini pembe karibu hazipo, na ncha hadi ncha haifiki hata 48. Nimewaona wenye mikono ya wastani wakiivaa bila shida.

MamaZeituni · Jumanne, saa 11 jioni

Samahani kuingilia, mimi mwanamke na mkono wangu 14, upana 47. Nilifuata hiyo hiyo kanuni ya ncha hadi ncha, nikapigia duka simu, nikaambiwa 44. Nikashukuru nikanunua. Ni ya cheni, ile aina ambayo cheni imeungana na bodi moja kwa moja, hakuna nafasi kati yake. Mkononi yaonekana kama bangili ya bibi harusi, ngumu, na hewa yapita pande zote mbili. Nani alikosea hapo, mimi au duka?

FundiBondeni · Jumanne, saa 2 usiku

Si wewe bi, wala duka halikudanganya. Walikupa namba ya bodi peke yake. Shika saa ubavuni uiache cheni ining'inie. Angalia kipande cha kwanza kinachotoka kwenye bodi. Kama hakikunjiki kwenda chini, kipande hicho ni sehemu ya bodi hata kama chasema ni cheni. Pima kutoka pale kinapoanza kukunjika upande huu hadi pale upande ule. Saa za namna hiyo zaweza kuongeza milimita tano, sita, hata saba juu ya ile namba ya karatasini. Tissot PRX ya 40 ndiyo inayolalamikiwa sana kwa hilo, na si saa mbaya, ni umbo lake tu.

Hata cheni za kawaida zina jambo hilo. Kile kipande kinachoziba pengo kati ya pembe, kikiwa kimetokeza mbele ya ncha, chaongeza urefu. Kikiwa kimebonyea ndani na kipande kinachofuata ndicho kinachoingia, cheni huanza kushuka pale pale kwenye ncha.

MamaZeituni · Jumanne, saa 2:30 usiku

Nimeipima. Pale inapokunjika, 50. Kwa upana wa 47. Basi nimeelewa.

Kilindini_Winchi · Jumatano, saa 12 asubuhi

Nyinyi mwalia na mikono midogo, nani atanisikiliza mimi? Tepu yangu 20.5, vitabu vyasema upana 71. Mke wangu alininunulia Seiko 5 ndogo, SNK809, ile ya uso mweusi, kipenyo 37. Naipenda kwa sababu ni zawadi, lakini nikiivaa kazini bandarini vijana wauliza kama nimevaa kifungo cha koti. Pembe hazichomozi popote, kwa hivyo kwa kanuni zenu zote imenikaa. Mbona yaonekana vibaya?

FundiBondeni · Jumatano, saa 2 asubuhi

Swali zuri, maana kanuni ya ncha hadi ncha huweka dari, haiweki sakafu. Saa hiyo ncha hadi ncha ni 43 hivi. Kwako wewe hiyo ni asilimia sitini ya upana wa mkono, na pande zote mbili kuna milimita 14 za ngozi tupu. Jicho laona ngozi kabla ya kuona saa. Mimi hupenda mtu afike angalau robo tatu ya upana, kwako hiyo ni 53. Ila sakafu hii ni ya macho yangu tu. Rolex Datejust ilitoka mwaka 1945 ikiwa 36, na wanaume wa kila umbo wameivaa. Sitamwambia mtu avue.

Nadhani kinachokuumiza zaidi si bodi. Ni mkanda. Pengo kati ya pembe za SNK ni 18, na mkanda wa 18 juu ya mkono wa 71 ni kamba. Saa ya 37 yenye mkanda wa 20 ingekaa na heshima zaidi hata kama bodi ni ile ile. Kwa kuwa pengo lako halibadiliki, mwambie anayekuuzia mkanda akupe ule wenye pedi ya ngozi chini yake, unaotandaza ngozi pana nyuma ya bodi. Itaongeza ukubwa unaoonekana bila kuigusa zawadi ya mkeo.

MtuWaTudor · Jumatano, saa 3 asubuhi

Pedi ya ngozi kwa joto la Kilindini? Itanuka jasho kufikia Jumamosi. Kilindini, vaa ulivyo. Saa ndogo kwenye mkono mkubwa ni ustaarabu.

Kilindini_Winchi · Jumatano, saa 3:30 asubuhi

Hapo sikubaliani nawe, lakini la jasho ni kweli. Nitajaribu pedi ya siku za mapumziko.

BinKuze · Jumatano, saa 10 jioni

Nimepunguza hadi mbili. Ya kwanza Seiko 5 Sports yenye bodi kama ile ya ami, 42.5 kwa 46. Ya pili Orient Bambino ya 38.4, ncha hadi ncha 44. Ya pili haiko dukani kuijaribu, yaja kwa oda. Nifanyeje nisije nikaambiwa tena ni ya nani?

Na swali dogo: mchana mkono wavimba kwa joto. Nipime lini?

FundiBondeni · Jumatano, saa 1 usiku

Kinachovimba ni nyama, mfupa hauvimbi. Joto litakubadilishia tundu la mkanda, halitakubadilishia upana kwa kiasi cha kukudhuru. Wacha hilo.

Chukua boksi la biskuti, ukate karatasi ngumu mbili. Moja 44 kwa 38, nyingine 46 kwa 42. Usikate mstatili. Chora duara la kipenyo, kisha uache vipande viwili juu na viwili chini kama pembe, vyenye upana wa pengo la mkanda kati yake. Zifunge kwa uzi mkononi. Halafu usizitazame kutoka juu kwa simu. Kamera ya simu ikikaribia mkono hukuza kilicho mbele yake, na saa ndiyo iliyo mbele. Watu wengi wameuza saa nzuri kwa sababu ya picha hiyo. Simama mbele ya kioo, hatua mbili nyuma, mkono ukining'inia, kwa sababu hivyo ndivyo watu msikitini watakavyokuona.

Na ujue karatasi haitakuonyesha kila kitu. Bambino haina pete pana kuzunguka kioo, uso wake wafika karibu na ukingo, kwa hivyo huonekana kubwa kuliko namba yake, na uso mweupe huongeza. Seiko ina pete nyeusi pana, uso wenyewe mdogo, huonekana ndogo kuliko 42.5.

MtuWaTudor · Jumatano, saa 1:40 usiku

Kwa hivyo mwishowe ni 38, kama nilivyosema tangu Jumatatu.

FundiBondeni · Jumatano, saa 2 usiku

Ni 44, ndugu yangu. Ingekuwa 38 yenye 48 ningemkataza.

BinKuze · Jumapili, saa 5 asubuhi

Nimerudi. Karatasi ya 46 ilikaa, lakini mbele ya kioo na kanzu nyeupe ilionekana ya mtu anayekwenda kuogelea Nyali. Ya 44 ilitulia. Bambino imefika jana. Nimefanya ule mtihani wa meza: ncha zimeinama, bado kuna upenyo mdogo, karatasi ya daftari yapita, sarafu haipiti. Mkononi kipande cha karatasi hakipiti chini ya ncha upande wa kidole gumba. Upande wa kidole cha mwisho chapita nusu kisha chakwama. Mamangu ameitazama akaendelea kukuna nazi.

Ile nyeupe ya 50.5 ameichukua binamu yangu kwa bei niliyonunulia, na yamkaa kuliko ilivyonikaa mimi.

Kuna jambo moja sikuliwazia. Unene wake ni 12.5, na kioo kimebinuka. Kanzu niliyoshonewa ina darizi nzito kwenye ukingo wa mkono, na kila nikiinua mkono darizi lapanda juu ya kioo na kubaki huko. Nimempelekea fundi akaachia sentimita moja ya mkono wa kushoto. Mzee wangu, au ningepima na hilo pia?

FundiBondeni · Jumapili, saa 8 mchana

Hilo la mkono wa nguo kila mtu hulijua siku ya kuvaa. Sentimita moja yatosha. Usifungue mshono wa kulia, wacha ubaki kama ulivyo, na siku ya nikaha kaza mkanda tundu moja zaidi asubuhi ili saa ikae nyuma ya kifupa. Ikiteleza mbele itakuwa chini ya darizi tena.